Kwa nini jibini ya pakiti huyeyuka laini, na ya kipande hutoa mafuta

SWALI: "Nina mgahawa mdogo hapa Dodoma. Nikiyeyusha jibini ya Njombe kwa ajili ya sosi ya makaroni, mafuta yanapanda juu na chini inabaki kama mpira. Ile ya vipande vya plastiki inayeyuka laini kabisa. Kwenye pakiti yake kuna namba E331 na E339, nikaambiwa ni chumvi. Hizo chumvi zinafanya nini, na mimi naweza kuziweka kwenye jibini yangu?"

JIBU: Ndiyo, dada, unaweza. Na hiyo E331 unaweza hata kuitengeneza mwenyewe jikoni kwa unga wa ndimu na bekingi soda. Ila kwanza tuondoe dhana moja, maana ndiyo inayowafanya wengi wakosee kipimo. Watu huamini kwamba chumvi hizi zenyewe ndizo zinazoshikanisha mafuta na maji, kama sabuni inavyoshika mafuta kwenye sahani. Sivyo. Chukua sitrati ya sodiamu, ambayo ndiyo E331, itie kwenye maji pamoja na mafuta ya alizeti, ukoroge mpaka mkono uchoke. Ukiacha tu, mafuta yatapanda juu. Kinachoshika mafuta ndani ya sosi ni protini ya maziwa yenyewe, ambayo ilikuwamo kwenye jibini yako tangu mwanzo. Ilikuwa imefungwa, na kazi ya chumvi ni kuifungua.

Imefungwa na nini? Protini kuu ya maziwa ya ng'ombe inaitwa kaseini. Ndiyo karibu asilimia 80 ya protini yote iliyomo. Ndani ya maziwa huelea ikiwa vidonge vidogo mno, na kila kidonge kinashikiliwa kwa ndani na kalsiamu na fosfati. Kwa nje kidonge kina kaseini ya aina nyingine, iliyosimama kama manyoya mafupi, na manyoya hayo ndiyo yanayozuia vidonge visishikane. Mtengenezaji wa jibini anapotia renneti, kimeng'enya kilichomo hukata manyoya hayo. Vidonge vinabaki uchi, vinagusana, kalsiamu inavifunga kimoja kwa kingine, na maziwa yanaganda. Mgando ukikatwa, ukachujwa maji yake, ukatiwa chumvi na kukandamizwa, hiyo ndiyo jibini.

Fikiria ukuta wa tembe. Fito ni kaseini, kamba zinazofunga fito ni kalsiamu, na udongo uliojazwa katikati ni mafuta na maji. Mafuta hayo hayajashikwa na kitu chochote. Yamekaa pale kwa sababu tu fito zimeyazuia.

Sasa weka ukuta huo kwenye moto. Mafuta ya maziwa huanza kulainika mapema na yakifika kama nyuzi 40 za selsiasi yameyeyuka yote, lakini ukuta bado umesimama. Karibu na nyuzi 60 na kuendelea, wavu wa kaseini nao unalegea na jibini inaanza kutiririka. Hapo ndipo jibini ya kawaida inapopendeza: juu ya piza, juu ya mkate, dakika chache na imekwisha. Ukiendelea kuipasha, au ukiikoroga sufuriani kwa muda mrefu, nyuzi za protini huanza kuvutana kwa nguvu zaidi, kwa sababu joto huongeza mvuto kati ya zile sehemu zake zisizopenda maji, huku kamba za kalsiamu zikiwa bado zipo. Wavu unajikunja kama ngozi iliyoanikwa juani, na unapojikunja unakamua maji na mafuta kwenda nje. Matone ya mafuta nayo yanakutana na kuungana, maana hakuna kitu kilichoyafunika. Huo mpira unaouona chini ni kaseini iliyojikunja, na hayo mafuta ya njano juu ndiyo iliyoyakamua.

Sitrati inaingilia hapo kwenye kamba. Kila chembe ya sitrati ina chaji hasi tatu, na inapenda kalsiamu kuliko kaseini inavyoipenda. Inainyang'anya kaseini kalsiamu yake na kuiachia sodiamu mahali pale. Sodiamu ina chaji moja tu, kwa hiyo haiwezi kushika nyuzi mbili kwa pamoja kama kalsiamu ilivyokuwa ikifanya. Kamba zinakatika, fito zinatawanyika. Kaseini iliyofunguliwa hivyo inakunywa maji na kujinyoosha, na sasa inaonyesha tabia yake ya pili: uzi wake una sehemu zinazopenda maji na sehemu zinazopenda mafuta. Ukikoroga, inazingira kila tone la mafuta kama ganda, sehemu moja ikitazama mafuta na nyingine ikitazama maji. Matone yanabaki madogo, sehemu chache za elfu za milimita kwa upana, na hayawezi tena kuungana. Mwiko unasikia ulaini huo.

Si lazima kalsiamu yote iondoke. Ikiondoka ya kutosha kulegeza wavu, inatosha.

Chumvi hizi zina kazi nyingine inayosahaulika: hupunguza uchachu. Uchachu hupimwa kwa pH, na namba ikiwa ndogo uchachu ni mkubwa zaidi. Jibini nyingi zinazofanana na gauda au cheda huwa na pH ya kama 5.1 hadi 5.4. Chumvi ikiingia, mchanganyiko hupanda hadi kati ya 5.6 na 5.9, na hapo nyuzi za kaseini zinakuwa na chaji hasi ya kutosha kusukumana badala ya kurundikana. Ukibaki chini ya 5.4, sosi inakuwa na chengachenga hata kama sitrati ipo. Ukipita 6, inalegea kupita kiasi, ladha inakuwa ya sabuni, na bakteria wanapata nafasi nzuri zaidi. Ndiyo maana kukamulia limau kwenye jibini inayoyeyuka hakuleti matokeo haya, ingawa limau limejaa asidi hiyohiyo ya sitriki. Asidi peke yake inashusha pH kuelekea 4.6, mahali ambapo kaseini hujikusanya na kuganda. Ni lazima asidi hiyo igeuzwe kuwa sitrati kwanza.

Jambo hili liligunduliwa Uswisi, mjini Thun, mwaka 1911, na Walter Gerber na Fritz Stettler, waliokuwa wakitafuta namna ya kufanya jibini ya Emmental ivumilie safari za nchi za joto. Walitumia sitrati ya sodiamu. Waswisi walikuwa tayari na desturi ya kuyeyushia jibini ndani ya mvinyo mweupe, na mvinyo una asidi ya tartariki, nayo hushika kalsiamu kwa kiasi chake. Kwa hiyo mtu wa Dodoma, penye mashamba ya zabibu, anaweza kujaribu njia hiyo ya zamani: mililita 150 za mvinyo mweupe mkavu kwa gramu 300 za jibini iliyochanganywa na vijiko viwili vya chai vya kornifulawa. Inafanya kazi, lakini haistahimili kukaa motoni kama ile ya sitrati, na kileo hakiishi chote kwa kuchemka. Kwa mgahawa wenye wateja wa kila aina, sitrati ni salama zaidi.

Tuitengeneze sasa. Tuseme una gramu 300 za jibini ya Njombe, ile ngumu kiasi ya kukatika kwa kisu, na unataka sosi ya kutosha makaroni ya watu kumi hivi. Vimiminika jumla viwe mililita 250. Kanuni ni kwamba chumvi iwe kama asilimia 2 ya uzito wa vyote, kwa hiyo unahitaji gramu 11 hivi za sitrati ya sodiamu. Ukiipata imefungwa tayari, ikiwa ya daraja la chakula, pima gramu 11, ziyeyushe kwenye mililita 60 za maji ndani ya sufuria, na uruke aya inayofuata.

Usipoipata, pima gramu 7 za unga wa ndimu na gramu 9 za bekingi soda. Tumia mizani ndogo ya kidijitali, ile inayosoma gramu moja moja au chini ya hapo, kijiko kitakudanganya. Hakikisha unga wa ndimu ni asidi ya sitriki tupu, usiochanganywa na sukari wala rangi. Soda nayo iwe bikabonati ya soda halisi. Bekingi pauda haifai, kwa sababu tayari ina asidi na wanga ndani yake. Magadi ya kupikia maharage pia hayafai: ni makali zaidi, kipimo chake hakitabiriki, na huwa na uchafu wa udongo. Yeyusha unga wa ndimu kwenye mililita 60 za maji ndani ya sufuria yenye kina, kisha tia soda kidogokidogo. Itatoa povu jingi; gramu hizo chache hutoa zaidi ya lita 2 za gesi, kwa hiyo sufuria ndogo itafurika. Tia gramu 8 kwanza, subiri povu litulie, halafu ongeza ile gramu iliyobaki kwa kuibana kwa vidole. Povu likikoma kutokea, acha hapohapo hata kama soda haijaisha. Unga wa ndimu wa aina nyingine huwa na maji ndani ya fuwele zake, nao huhitaji soda pungufu kidogo, kama gramu 8.4. Pasha maji hayo mpaka yachemke kidogo ili gesi iliyobaki itoke. Onja tone moja: liwe na uchumvi hafifu. Ukisikia uchachu mdogo, si tatizo. Ukisikia sabuni, soda imezidi; rudishia punje chache za unga wa ndimu.

Kwenye sufuria hiyo ongeza mililita 190 za maziwa au maji, upate zile 250. Maziwa yanaleta ladha nzuri zaidi, na kalsiamu yake ni ndogo ukilinganisha na ya jibini, kwa hiyo kipimo cha chumvi hakibadiliki. Hakikisha tu chumvi imeshayeyuka na haina uchachu mkali kabla hujatia maziwa, la sivyo maziwa yatakatika.

Kwaruza jibini yote kwa greta kabla hujawasha moto. Pasha kimiminika mpaka kianze kutoa mvuke na vipovu vidogo pembeni, kama nyuzi 75 hadi 80. Kipimajoto kinasaidia, lakini mvuke na vipovu vya pembeni vinatosha kukuelekeza. Punguza moto, tia konzi moja ya jibini, koroga kwa kipigio cha mayai mpaka ipotee, ndipo utie nyingine. Konzi mbili za kwanza zitaonekana kama maziwa yenye kamba. Usiogope na usiongeze chochote. Baada ya konzi ya tatu au ya nne kamba zinapotea na sosi inaanza kung'aa. Jibini yote ikishaingia, endelea kukoroga kwa moto mdogo dakika nne au tano. Hizi dakika za mwisho usizikate. Jibini inaonekana imeyeyuka, lakini kaseini bado inakunywa maji, na ukiondoa mapema sosi itakuwa na punje ndogo ulimini. Ukiwa na blenda ya mkono, ipitishe kwa nusu dakika.

Mwisho wake sosi inadondoka kwenye mwiko kama uji mzito wa lishe, na juu hakuna jicho la mafuta hata moja. Ikipoa itaganda, ukiipasha tena italainika ilevile, kwa sababu maganda ya protini bado yamezunguka matone. Hiyo ndiyo tofauti kubwa na jibini ya kawaida, ambayo ikishakamuliwa mara moja hairudi yenyewe.

Mambo yanapoharibika, dalili hukuambia chanzo. Ukiona macho ya mafuta juu na sosi chini bado ni laini, chumvi imepungua au uliacha kukoroga. Yeyusha gramu 2 za sitrati kwenye vijiko viwili vya maji ya moto, tia, piga kwa nguvu. Dawa hiyohiyo huokoa mara nyingi hata jibini iliyokwisha kukatika bila chumvi, mradi utumie kiasi kamili cha sitrati na blenda. Sosi ikiwa haina mafuta juu lakini inavutika kama gundi, maji ndiyo yamepungua; ongeza maziwa ya moto, yasiwe ya baridi. Ikiwa na chengachenga tangu mwanzo na ladha imechachuka, pH iko chini: ama jibini ilikuwa chachu sana, ama soda haikutosha. Bana soda kidogo kwa vidole, ukoroge, uonje. Na ukikuta kesho yake kwenye friji sosi ina mchanga mdogo unaosagika menoni, hapo ulizidisha chumvi, na imeungana na kalsiamu ikawa fuwele. Kupasha hakutaiondoa vizuri. Punguza kipimo mara nyingine, ushuke hadi gramu 9.

Jibini yenyewe nayo ina neno. Ikiwa changa, ya wiki chache, nyuzi zake za kaseini bado ni ndefu, kwa hiyo inatoa sosi yenye mwili na mvutano. Ikikomaa miezi mingi, vimeng'enya vimeshakata nyuzi hizo vipande. Ladha ni kali na nzuri, lakini vipande vifupi havizungushi mafuta vizuri, na ndiyo maana jibini kuukuu hutoa mafuta upesi zaidi motoni. Viwandani huchanganya: sehemu kubwa changa kwa ajili ya mwili, kama robo iliyokomaa kwa ajili ya ladha. Fanya hivyohivyo. Kipande kilichokaa friji wazi na hewa kavu ya Dodoma ikakifyonza maji, ongezea kimiminika vijiko viwili vitatu. Ila kuna jibini moja usiyopaswa kuitarajia hapa: ile ya kienyeji inayotengenezwa kwa kuchemsha maziwa na kutia ndimu au siki. Hiyo iligandishwa na asidi na joto, siyo kwa kamba za kalsiamu, na protini nyingine za maziwa zimeshajishikiza kwenye kaseini. Haiyeyuki kwa sababu haikujengwa kwa kamba ambazo sitrati inaweza kuzikata. Ikaange vipande, ndipo inapofaa.

E339 uliyoiona ni fosfati za sodiamu, na kwenye pakiti nyingine utakuta E450 au E452, ambazo ni fosfati zenye mnyororo. Zinafanya kazi ya aina moja na sitrati, kwa nguvu tofauti. Fosfati ya kawaida inasawazisha pH vizuri lakini kushika kalsiamu kwake ni kwa wastani. Zile za mnyororo mrefu zinashika kalsiamu kwa nguvu sana. Kwa kuchanganya aina hizi kiwanda huamua kama jibini itakuwa ya kupaka, ya kukatwa vipande au ya kubaki na umbo kwenye baga. Jikoni kwako sitrati peke yake inatosha. Na kama siku moja utanunua fosfati, iwe imeandikwa kuwa ya chakula. Fosfati za sabuni za kusafishia na za mbolea zina majina yanayofanana nazo kabisa, na baadhi zinaunguza.

Usiongeze chumvi ya mezani kabla ya kuonja. Zile gramu 11 za sitrati zinaleta sodiamu kama gramu 2.5, sawa na ile iliyomo kwenye gramu 6 hivi za chumvi ya kawaida, juu ya chumvi iliyomo tayari kwenye jibini. Kijiko kikubwa cha sosi, gramu 50, kinaweza kubeba kama gramu moja ya chumvi, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku. Mteja mwenye shinikizo la damu akikuuliza, mwambie ukweli huo.

Kuhusu kuhifadhi, usiige zile pembetatu za karatasi ya fedha zinazokaa dukani bila friji. Zinafungwa zikiwa za moto sana, na kiasi chake cha maji, chumvi, fosfati na pH kimepangwa pamoja ili bakteria wasikue. Sosi yako ina maji mengi na uchachu mdogo. Iweke friji ndani ya saa mbili baada ya kupika, kwenye chombo kipana ili ipoe haraka, uitumie ndani ya siku tatu, na uipashe mpaka itoe mvuke kila pahali. Umeme ukikatika nusu siku na friji ikapoteza ubaridi, imwage. Na usiijaze kwenye chupa iliyofungwa ukaiacha rafuni hata usiku mmoja, maana chakula cha uchachu mdogo kilichozibwa hewa ndicho mahali bakteria wa sumu ya botulini wanapopenda kukua, na sumu hiyo haibadilishi harufu wala ladha ya kukuonya.